Watoto Wote Wanapumua Shufwa

Ijumaa, Shelui

Nimefika kwa shangazi saa moja usiku nikiwa na daftari la utafiti, nguo chafu za wiki mbili, na kiatu kimoja kilichoachia soli. Cha maana ni daftari. Hospitali ya wilaya ninakofanyia mafunzo siitaji humu, wala wilaya yenyewe, kwa sababu bado nahitaji sahihi zao.

Utafiti wangu wa stashahada ni mdogo. Kwa wiki tatu, kila muuguzi wa wodi ya watoto alipoandika kwenye chati idadi ya pumzi za mtoto, mimi nilikwenda ndani ya nusu saa nikamhesabia mtoto yuleyule kwa dakika nzima. Kisha nikaweka namba mbili ubavu kwa ubavu, yao na yangu. Watoto 60, wote chini ya miaka 5, wote wana kikohozi.

Shangazi ameuliza nimegundua nini. Nikamwambia kwamba kwenye chati zao, watoto 57 kati ya 60 wanapumua kwa namba shufwa: 24, 28, 30, 32. Watatu tu ndio witiri.

Shangazi hakushangaa. Ana kazi ya kumkusanyia mnunuzi alizeti hapa barabarani, na ana daftari lake. Amelifungua kwenye ukurasa wa msimu uliopita, wa karani mmoja aliyemfukuza. Gunia kilo 60, gunia kilo 65, gunia kilo 70, gunia kilo 65.

"Unaona nini?" akauliza.

Nikasema naona magunia.

"Unaona mtu ambaye hakupima. Gunia halijui kwamba karani anapenda tano."

Nimekaa chuo miaka mitatu kujifunza jambo hilo. Shangazi amelisema huku anachambua mlenda.

Kwa pumzi hesabu ni hiyohiyo. Anayehesabu dakika nzima, namba yake inaangukia shufwa au witiri kama shilingi inavyoanguka, takriban nusu kwa nusu. Anayehesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili hawezi kupata witiri hata akihesabu mpaka uzeeni. Anayehesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne anapata 24, 28, 32, 36, na hata 26 hawezi kuipata. Na asiyehesabu kabisa anaandika 28, maana 28 ina sura ya mtoto mzima wa afya.

Kiatu nimekifunga kwa waya.

Jumamosi, Shelui

Nimekwenda steshenari kuchapa nakala 12 za wasilisho. Umeme umekatika nakala ya nne. Umerudi saa nane. Flashi niliyoichomeka kwenye kompyuta yao imerudi na mafaili manne nisiyoyajua, na faili langu limegeuka njia ya mkato isiyofika popote. Bahati nzuri nilikuwa nimejitumia kwa barua pepe. Bahati mbaya niliyojitumia ni rasimu ya pili, siyo ya nne.

Nimekaa pale mpaka saa kumi na moja nikisahihisha rasimu ya pili kwa kumbukumbu, huku madereva wa malori ya kwenda Nzega wakiingia kutoa nakala za vibali. Mmoja ameniuliza naandika nini. Nikamwambia natafuta kwa nini watoto wote wanapumua shufwa. Akasema hata mzigo wake unapumua shufwa, tani 28 kila mzani. Sikuendeleza mazungumzo.

Nakala 12 zimepatikana. Ukurasa wa 5 umechapwa mara mbili na wa 6 haupo. Ukurasa wa 6 ndio wenye mapungufu ya utafiti na mapendekezo. Watadhani utafiti wangu hauna mapungufu.

Jumapili, njiani

Lori limekufa kwenye kona za mlima Sekenke na basi letu limesimama nyuma yake saa mbili na nusu. Nimetumia muda huo kumhesabia pumzi mtoto aliyelala mapajani kwa mama wa kiti cha mbele. Ni tabia sasa, siwezi kuiacha.

Afadhali niandike namna inavyofanywa, kwa kuwa ukurasa wa 6 haupo na huenda na wa 3 ukapotea. Kwanza mtoto awe ametulia. Akilia, akinyonya, au akiwa ametoka kukimbizwa na sindano, namba itakayopatikana ni ya kilio na siyo ya mapafu. Pili, nguo ipandishwe mpaka tumbo na kifua vionekane. Kwa mtoto mdogo tumbo ndilo linalopanda na kushuka vizuri, kwa hiyo macho yakae pale. Mkono usiguse, mtoto aliyelala ataamka na kazi itaanza upya. Tatu, saa yenye mshale wa sekunde iwekwe karibu na tumbo, ili jicho liione bila kichwa kugeuka. Nne, ni dakika nzima. Watoto hawapumui kama mashine ya kushonea. Hupumua haraka, hutulia kidogo, hata husita, kisha huanza tena. Robo dakika inaweza kuangukia kwenye haraka au kwenye utulivu, na kosa la pumzi moja likizidishwa kwa nne ni pumzi nne.

Kisha namba ilinganishwe na umri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua haraka akifika pumzi 60 kwa dakika. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50. Wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40. Mwenye kikohozi akifika hapo, anahesabiwa kuwa na nimonia mpaka ionekane vinginevyo. Zahanati isiyo na eksirei inaamua dawa kwa namba hiyo.

Mtoto wa kiti cha mbele alikuwa na 34. Mama yake ameniuliza kwa nini namkodolea macho mwanawe. Nikasema mimi ni muuguzi. Akamgeuzia upande wa dirisha.

Jumatatu, hospitalini

Barua ya kuomba nafasi ya kuwasilisha ilikuwa masijala tangu wiki iliyopita. Leo nimeambiwa ilikuwa imekamilika ila haikuwa na namba ya jalada. Imepewa namba ya jalada saa sita, na kikao ni keshokutwa.

Inchaji wa wodi ya watoto amepata habari kabla yangu. Ameniita kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango.

"Nasikia umekuja kutuhesabu."

"Hapana, Sista. Nimehesabu watoto."

"Ni kilekile."

Sikubisha. Amenionyesha daftari la zamu: wagonjwa 32, muuguzi mmoja, mhudumu mmoja. Dawa za sindano saa kumi na mbili asubuhi, ripoti saa moja na nusu. Akaniuliza watoto 32 kwa dakika nzima kila mmoja ni dakika ngapi. Nikasema 32. Akasema na kuwatuliza? Nikasema hiyo haina namba.

Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, kama kitanda namba 14 kimo kwenye utafiti.

Kimo. Mtoto wa miezi 8. Chati iliandika 28. Mimi nilipata 58. Nikadhani nimekosea, nikarudia, nikapata 56. Nilipopandisha nguo zaidi niliona chini ya mbavu panabonyea ndani kila anapovuta pumzi, dalili kwamba ugonjwa umezidi kiwango cha kutibiwa kwa kusubiri. Nilikwenda kumwambia muuguzi wa zamu, daktari akaitwa, mtoto akawekewa oksijeni. Alitoka siku ya nne, akiwa amebebwa mgongoni na ana biskuti mkononi.

Utaratibu wa utafiti wangu ulikuwa kutazama bila kuingilia. Nilipouandika chuoni sikufikiria kitanda namba 14. Siku ile niliandika pembeni ya daftari "nimeingilia", nikaweka saa.

"Nilikuwa zamu hiyo," inchaji akasema. "Ile 28 ni yangu."

Akafungua mlango, akatoka. Mimi nikabaki na dawa.

Jumanne

Mazoezi ya kuwasilisha, hostelini, mbele ya mwanafunzi mwenzangu. Amesema nazungumza kama ninayeomba msamaha. Jaribio la pili amesema nazungumza kama ninayetoa hukumu. La tatu alikuwa amelala. Nimemhesabu: 15. Mtu mzima mwenye afya.

Projekta nimeijaribu jioni. Inatoa rangi ya buluu peke yake. Fundi amesema ndivyo ilivyo tangu mwaka jana na hakuna aliyelalamika. Jedwali langu lilikuwa na safu nyekundu za watoto waliokosewa. Kwenye ukuta hazionekani kabisa. Inaonekana hospitali haikukosea hata mmoja.

Jumatano

Kikao kilikuwa saa mbili asubuhi kwenye chumba cha mikutano, ambacho nusu yake ni stoo ya vyandarua. Walihudhuria Mganga Mfawidhi, Matroni, madaktari wawili, mfamasia, mainchaji watano, na Mama Usiku, muuguzi anayekaribia kustaafu ambaye kila mtu anamwita hivyo kwa kuwa kwa hiari yake huchukua zamu za usiku. Alikuwa ametoka zamu. Alikaa nyuma, juu ya marobota ya vyandarua, akafumba macho.

Nimewaamkia. Matroni ameitikia. Waya wa kiatu umenasa kwenye zulia nikaanza wasilisho langu la kwanza la kitaalamu nikiwa nimeshika meza.

Niliwapa majibu mafupi. Kwa hesabu yangu, watoto 21 kati ya 60 walikuwa wanapumua haraka kulingana na umri. Kwa hesabu ya chati, 9. Na chati 57 zina shufwa.

Kimya. Kisha Mganga Mfawidhi akavua miwani.

Swali lake la kwanza lilikuwa zuri. Pumzi za mtoto hubadilika. Homa ikipanda zinapanda, ikishuka zinashuka. Muuguzi kahesabu saa kumi na mbili, wewe umefika nusu saa baadaye, mtoto si yuleyule. Kwa nini namba zifanane?

Hilo nilikuwa nimelitayarisha. Nikasema si lazima zifanane. Lakini kama tatizo ni muda, zingepishana pande zote. Watoto wengine wangekuwa wamepanda nilipofika, wengine wameshuka, na chati zingekuwa juu yangu mara nyingi kama zilivyo chini yangu. Sivyo. Chati nyingi mno ziko chini. Mzani unaoyumba hukosea huku na huku. Mzani uliopinda hukosea upande mmoja.

Daktari mmoja akaandika kitu. Nikadhani nimeshinda. Baadaye niliona ni orodha ya vipuri vya pikipiki.

Swali la pili lilitoka kwa mfamasia: watoto 60 wa wodi moja, wiki tatu, wanatosha kusema lolote? Nikasema hawatoshi kusema kuhusu nchi wala kuhusu wodi nyingine. Wanatosha kusema kuhusu wodi hii, wiki hizo. Rusha shilingi mara 60 ikuangukie kichwa mara 57, huhitaji kuirusha mara elfu ndipo uikague.

Swali la tatu lilikuwa la Matroni, na halikuwa swali.

"Lete hilo daftari lako."

Nikampelekea. Siyo nakala, daftari lenyewe, lenye madoa ya chai. Alilisoma polepole kwa kidole, safu ya namba zangu na siyo ya kwao. Dakika tatu hivi. Kisha kidole kikasimama.

"Kuanzia namba 31 hadi 42. Nisomee namba zako."

Nikasoma. 44, 52, 38, 36, 60, 42, 34, 48, 40, 36, 54, 32.

"Witiri wako wapi?"

Chumba chote kiligeuka. Hata fundi wa projekta.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili. Niliamka saa tisa usiku, sikuwa nimekula, watoto 12 walikuwa wamelazwa kwa mkupuo, na muuguzi aliandika chati zote kwa haraka. Nusu saa yangu ilikuwa inakwisha. Nilihesabu nusu dakika nikazidisha kwa mbili. Nilijiambia ni kwa siku hiyo tu. Kisha nikasahau, kweli nikasahau, na namba zile zikakaa na nyingine kama zimehesabiwa.

Nikawaambia hivyo. Sikuwa na slaidi yake.

"Kwa hiyo kumi na wawili hawa," Matroni akasema, "ulifanya tunalofanya sisi."

"Ndiyo, Matroni."

"Kwa sababu zilezile."

"Ndiyo."

Akafunga daftari, hakunirudishia. Inchaji wa watoto alikuwa anatazama sakafu, na nadhani alikuwa anazuia kicheko, au kitu kinachofanana nacho.

Matroni hakuwa amemaliza. Akauliza hizo nyingine 48 nilihesabu kwa kutumia nini. Nikainua mkono, nikaonyesha saa ya marehemu baba, yenye mshale wa sekunde.

"Na wauguzi wanatumia nini?"

Nikasema wanatumia saa ya ukutani.

"Saa ya ukutani ya wodi ya watoto inasema saa ngapi?"

Nikafungua mdomo. Saa ile inasema saa nne na dakika kumi. Imesema hivyo wiki zote tatu. Nimepita chini yake kila siku nikiwa na saa yangu mkononi, nikihesabu makosa ya watu, na sikuwahi kuitazama.

Mmoja wa mainchaji akasema watu wangeweza kutumia simu zao. Mwingine akasema simu haziruhusiwi, kuna tangazo mlangoni, MARUFUKU SIMU WODINI. Mfamasia akauliza nani ameweka tangazo hilo. Hakuna aliyejibu, kwa kuwa lina sahihi na muhuri wa Mganga Mfawidhi. Yeye mwenyewe alirudisha miwani, akatazama ukuta wa buluu muda mrefu.

Basi ndivyo ilivyo. Wodi haina saa inayotembea, na simu ni marufuku. Lakini namba ya pumzi inadaiwa kila asubuhi, na chati yenye pengo inagombezwa kuliko chati yenye 28. Mtu anayedaiwa namba bila kupewa saa ataitoa kichwani. Kichwani hakuna witiri.

Hilo halikuwa kwenye dodoso langu. Niliuliza wauguzi umri, elimu na miaka kazini. Sikuuliza kama wana saa.

Yaliyoazimiwa: (1) Mwanafunzi aondoe watoto 12 na kuleta majibu upya. (2) Tangazo la simu liangaliwe upya. (3) Betri ya saa inunuliwe kwa kufuata taratibu za ununuzi. (4) Watoto wenye kikohozi wahesabiwe dakika nzima wanapolazwa na kila asubuhi, si wodi nzima, ili zile dakika 32 zipungue hadi kumi hivi. Hili la nne lilikuwa pendekezo la inchaji. Kwangu mimi lilikuwa ukurasa wa 6, ambao haukuwepo.

Mama Usiku hakusema neno. Alipokuwa anatoka nilimshikia mlango. Akaniambia nitafute kiatu.

Alhamisi

Nimewaondoa 12. Wamebaki 48.

Kwa hesabu yangu 17 walikuwa wanapumua haraka. Chati ziliwaona 7. Kumi walipita bila kuonekana, wa kitanda namba 14 akiwa mmoja wao. Chati ziko chini yangu kwa watoto 38, sawasawa kwa 4, juu yangu kwa 6. Shufwa ni 45, witiri 3.

Hadithi haikubadilika, ila imekonda. Nimeandika sentensi ya kuwaondoa wale 12 mara nane. Ya kwanza ilisema "kutokana na changamoto za kiutendaji". Ya nane inasema "mtafiti hakuhesabu dakika nzima". Nimeiacha ya nane.

Nimetazama pia zile chati tatu za witiri: 37, 43, 51. Zangu kwa watoto haohao zilikuwa 38, 43 na 53. Zote tatu zimeandikwa kwa wino wa kijani, mwandiko wa kulala upande wa kushoto. Nimetazama orodha ya zamu. Ni zamu za usiku.

Ijumaa, Shelui

Kabla ya kuondoka hospitalini nimemwambia mhudumu wa wodi anishushie saa ya ukutani niangalie betri. Ni betri ndogo moja. Taratibu za ununuzi zinahitaji ombi la wodi, idhini na bei kutoka kwa muuzaji. Muuzaji ni duka lililo mita 20 kutoka hapa kwa shangazi. Nimenunua mbili. Risiti nimeomba, muuzaji amenitazama kama niliyeomba kuku.

Shangazi ameuliza kikao kilikwendaje. Nikamweleza watoto 12.

Akasema yule karani wa alizeti, siku aliyomfukuza, alimwambia mzani una kutu na magunia hayapandi. Shangazi hakwenda kuutazama. Alikwenda mwezi uliofuata. Ulikuwa na kutu.

"Ukamrudisha?"

"Alishapata kazi Igunga."

Tumekula kimya.

Jumatatu, hospitalini

Saa imetundikwa. Inatembea, na mshale wa sekunde una mlio ambao watoto wawili wanaulilia. Nimeombwa nijieleze kwa nini mali ya serikali imewekewa betri isiyo na hati. Nimeandika barua. Ipo masijala.

Saa tatu nimepitia chati za asubuhi, kwa shauku ambayo nisingependa kuielezea. Watoto 11 wenye kikohozi. 31, 29, 33, 27, 35, 31, 29, 37, 33, 41.

Nimezirudia nikidhani nimeona vibaya. Kumi witiri mfululizo. Waliwahi kusikia kwamba shufwa ni kosa, wakaliacha kosa. Nimewahesabu watano kwa saa mpya ya ukutani: 44, 38, 52, 33, 47. Mmoja tu ndiye aliyelingana.

Kwa hiyo ile alama yangu ya kumjua asiyehesabu imekufa siku tano baada ya kuitangaza. Hili nalo nililisoma chuoni, kwamba mtu akijua unachokitazama hubadilisha hicho unachokitazama, si lazima kile kilicho nyuma yake. Nilijibu swali lake kwenye mtihani na kupata alama zote.

Nimekwenda kwa inchaji. Sikumwonyesha jedwali. Nimemwomba tuhesabu mtoto mmoja pamoja, kila mtu kimya, kila mtu na karatasi yake. Yeye amepata 45, mimi 44. Tumerudia: 44, 44. Amekaa akiitazama ile karatasi. Kisha akasema tuhesabu na wa kitanda cha pili.

Huo ndio ukaguzi pekee uliobaki ambao hauwezi kudanganywa kwa kubadilisha namba: watu wawili, mtoto mmoja, dakika moja, bila kuoneshana. Unachukua muda. Leo tumefanya watoto watatu kabla ya mgonjwa mpya kuingia.

Jumanne

Chati ya kumi na moja ya jana sikuiandika hapo juu kwa sababu ilikuwa chini ya shuka na nimeipata leo. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi 3, kikohozi siku mbili, alilazwa saa nane usiku. Wino wa kijani. Chati inasema 46.

Shufwa, peke yake katikati ya witiri kumi. Nimedhani Mama Usiku amechoka.

Chini ya 46 kulikuwa na saa ya kuhesabiwa, 8:40, na neno "amelala", na chini yake ameandika "nimerudia: 46". Dawa ilianza saa tisa usiku.

Nimemhesabu mwenyewe asubuhi hii, siku ya pili ya dawa, ametulia, nguo juu, dakika nzima. 38.

Kiatu nimepeleka kwa fundi. Amesema Ijumaa.